Salamu za Saa Sita Mchana

Biashara yetu ilikuwa rahisi kueleza. Mtoto aliye ng'ambo analipa, na sisi wa duka la Busia tunapeleka sukari, sabuni, mafuta na unga kwa mzazi wake kijijini, Molo, Kwapa, Osukuru, popote bodaboda inapofika. Kigumu kilikuwa ukurasa wetu wa mtandaoni, maana ndiko wateja walikotoka, na wateja wenyewe hawakuwa wakilala kwa pamoja.

Mwanzoni nilikuwa naweka picha nikishafungua duka, saa tatu asubuhi. Nilijiona hodari sana. Kumbe Marekani ilikuwa usiku wa manane, na Australia watu walikuwa kazini, simu zimefungiwa makabatini. Nilipofungua ule mchoro unaoonyesha wafuasi wako macho saa ngapi, nikaona aibu. Nikaruka upande wa pili, nikawa naweka mara tano kwa siku ili nisimkose mtu. Watu wakachoka, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipotulia na kalamu na karatasi. Nikaamua mara mbili tu: saa sita mchana wetu, ambayo Perth, huko Australia, ni saa kumi na moja jioni, watu wanatoka kazini, na saa tatu usiku wetu, Uingereza wakiwa wametulia nyumbani na Marekani wakiwa kwenye chakula cha mchana. Uingereza hunisumbua wakibadilisha saa zao kwa ajili ya baridi, lakini Perth haigusi saa yake mwaka mzima. Niliipenda Perth kwa hilo.

Ile ya saa sita ilikuwa ya mama mmoja wa Kwapa. Kijana wake wa mwisho alikuwa Perth, akiishi peke yake, na ndiye aliyekuwa mteja wetu wa kwanza kabisa. Mama huyo aliwahi kuuza mitumba mpakani kwa miaka mingi, haogopi mtu wala kamera. Alikuwa anamsalimu mwanawe kwa video ya sekunde chache, anaonyesha alicholetewa, basi. Watu wa kila nchi wakampenda, lakini kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu kila siku, kabla dakika haijaisha.

Kwenda Kwapa kila siku nisingeweza. Kwa hiyo nilikuwa naenda mara moja kwa wiki mbili na kurekodi salamu kumi na nne asubuhi moja. Mama alibadilisha nguo yake ndefu ya gomesi, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akahamisha kigoda. Nilifunga pazia ili mwanga ufanane na wa jioni.

"Kwani huko jua nalala sasa?" aliniuliza.

"Wewe ukiingia hewani, mama, huko litakuwa linazama."

"Basi mimi nasema jioni na bado sijakunywa chai." Akacheka, akaikazia macho simu. "Habari za jioni, mwanangu. Umekula?"

Nyumbani nilizipanga zote kwenye simu, kila moja na siku yake, ziende zenyewe. Nilijisifu kwa mpango ule. Hata nikiumwa, nilisema, mama hatakosa siku.

Alifariki Jumatano ya wiki ya pili, amelala. Nilipigiwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Nililia, kisha katikati ya kilio nikakumbuka: salamu nne zilikuwa bado kwenye foleni, na ya kwanza ilikuwa ya mchana ule ule. Nikashika simu niziondoe. Kabla sijabonyeza, kaka mkubwa wa yule kijana akanipigia.

"Hiyo salamu ya mama usisimamishe," alisema. "Mdogo wangu bado hajui."

Kwetu msiba hauambiwi mtu kwa simu akiwa peke yake. Anafuatwa, anakaliwa, ndipo anaambiwa. Watu wa nyumbani walioko Perth walikuwa watano, kila mmoja na zamu yake, na wangeweza kukutana kwake Jumamosi jioni tu. Ndugu wote walikuwa wamekatazwa kuandika chochote mtandaoni.

"Kaka, hiyo ni kumdanganya," nikasema.

"Mama nasalimia yeye kila siku. Ikikosa moja tu, atapiga simu. Nani atapokea? Mimi? Mimi sitaweza."

Nikaiacha foleni ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyemzoesha kijana kila siku, saa ile ile, bila kukosa. Ningekuwa mzembe kidogo, angekuwa amezoea kimya.

Nilifika Kwapa karibu na saa sita. Uani wanawake walikuwa wanapika, sauti chini. Mama alikuwa amelazwa chumba cha ndani. Simu yangu ikatikisika ndani ya mkoba kuniarifu kwamba salamu imetoka, nami nikaiacha. Lakini shangazi mmoja aliyekuwa jikoni alikuwa mfuasi wetu, na bila kufikiri akafungua yake.

"Habari za jioni, mwanangu. Umekula?"

Sauti ilivuka ua mzima, wazi, yenye furaha. Kila mkono ulisimama. Mwanamke aliyekuwa karibu na mlango wa ndani aligeuka kutazama chumbani, si kwenye simu. Nami pia niligeuka, sitaficha. Jua lilikuwa utosini, na mama alikuwa ametutakia jioni njema.

Chini ya video jibu lilikuwa limeshaingia. Nimekula, mama. Na wewe?

Ijumaa niliiangalia salamu kabla haijatoka, nikiwa dukani. Mwishoni kabisa mama aliacha kutazama kamera. Aligeuza uso kushoto, upande wa ukutani, akasema taratibu, "Ngoja, nakuja." Nilikuwa nimesimama mbele yake siku ile. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu mwingine, na sikumbuki kumsikia akisema hivyo. Nilitaka kuikata, lakini nikairudia na kuirudia, saa sita ikafika. Kijana akanitumia ujumbe: Nani alikuwa anamwita? Nikamwandikia kwamba ni jirani. Huo ulikuwa uongo wangu mwenyewe, sikutumwa na kaka.

Jumamosi wale watano walifika kwake saa kumi na moja jioni na dakika chache. Waliniambia baadaye kwamba alifungua mlango akiwa na simu mkononi, mama bado anaongea. Alipowaona wote watano kizingitini, hakuuliza kitu. Aliwaomba wanyamaze kwanza mpaka mama amalize.

Usiku ule niliiondoa ya Jumapili kwenye foleni. Kijana alipopiga simu baada ya mazishi, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Zilibaki ngapi, dada?"

"Moja."

"Umefuta?"

"Hapana. Nikutumie sasa hivi, ikae kwako?"

Akakataa.

"Usinitumie. Iweke kama zile nyingine. Siku yoyote, mwezi wowote, hata mwakani. Lakini saa usiniambie."

Nilikaa nayo wiki nzima. Mchoro wa wafuasi ulinionyesha, kama kawaida, saa ambazo watu wa Perth wako macho, na sikuutumia. Nimeipanga. Bado haijatoka, na siku inajulikana kwangu tu. Yeye kila jioni akitoka kazini anafungua picha yetu ya saa sita kabla dakika haijaisha, naona jina lake kwenye waliotazama, na roho inaniuma kwa sababu najua kwamba leo siyo.