Foleni ya Kadi Zinazosubiri Kusomwa

Kazi yangu ilikuwa kulinda foleni. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, nikaajiriwa katika ofisi ya serikali yenye kompyuta, kutoboa kadi za karatasi ngumu ambazo mashine ilisoma matundu yake. Mashine ile ilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu ya mtaa wa Nsambya, na mimi nilishaamua kwamba siku moja nitaifundisha kutabiri mvua.

Waandishi wa programu walikuwa wamebaki wawili. Wengine walifukuzwa nchini na serikali ya wanajeshi, wengine walikwenda likizo Nairobi wakanogewa, wasirudi. Aliyebaki mkubwa tulimwita Mwalimu, mtu wa kaskazini, mpole, mvaa sweta hata juani. Wa pili alikuwa Dada, ambaye alinicheka kila siku kwa ndoto zangu.

Hakuna aliyeruhusiwa kupeleka badiliko lake la programu kwenye mashine kabla mwenzake hajalisoma. Karatasi na kadi zake zilifungwa kwa mpira, zikawekwa kwenye rafu, na mimi nikazipanga kwa jinsi zilivyofika. Ya dharura iliruhusiwa kupita mbele. Lakini Mwalimu alikuwa ameona jinsi dharura za wakubwa zinavyowazika wanyonge, akaweka kikomo: badiliko likikaa siku mbili bila kusomwa, nalichomekea kadi nyekundu, na hapo hata dharura hailipiti. Lililorudishwa kusahihishwa halikupoteza nafasi yake, ila aliyelirudisha ndiye aliyelisoma tena, ili mtu asizunguke akitafuta msomaji mwenye huruma.

Wiki ile kulikuwa na badiliko la Dada la wafagiaji wa hospitali. Walikuwa wamepewa daraja jipya la mshahara ambalo programu haikulijua, basi ikawa inawatupa nje ya orodha ya malipo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mwezi wa pili huo hajapata kitu, tunakunywa uji asubuhi na jioni. Mishahara ilikuwa inatolewa jioni ya siku ile. Dharura zilikuwa zimelisukuma nyuma, lakini asubuhi hiyo lilitimiza muda wake, nikalichomekea kadi nyekundu mwenyewe, moyo ukicheka.

Saa nne akaingia kapteni na fungu lake la kadi. Lilikuwa badiliko la posho ya kikosi chake, limeandikwa huko kwao jeshini.

“Weka juu,” akaniambia.

“Itakuwa ya pili, afande. Ile nyekundu muda wake umekwisha.”

“Nani mkubwa hapa, mimi au nyekundu?”

Mwalimu akainua kichwa. “Afande, kaa kidogo. Hii fupi. Yako inafuata sasa hivi.”

“Ya nani hiyo?”

“Ya wafagiaji.”

Kapteni akacheka, kweli kabisa, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho. “Wewe unaniweka nyuma ya fagio.”

Mwalimu akainamia karatasi za Dada. Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, akatia sahihi. Nilizibeba zile kadi hadi chumba cha mashine kama mtu anayebeba mayai.

Niliporudi Mwalimu alikuwa anasoma ya kapteni. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

“Afande, hapa posho inaongezwa, halafu programu inaruka pale inapoangalia kama mtu bado yuko kazini. Waliokufa watalipwa.”

“Nani alikuuliza habari za waliokufa?”

“Ndiyo kazi ya kusoma, afande.” Akaandika pembeni kwamba waliokufa watalipwa, akalirudisha fungu likasahihishwe.

Kapteni aliondoka bila kupiga kelele. Alasiri walikuja watu wawili wenye miwani ya jua, wakamwambia Mwalimu wana maswali machache. Akauliza kama achukue sweta yake iliyokuwa begani mwa kiti. Wakasema hapana, si mbali.

Mama alilipwa mshahara wa miezi yote miwili. Akanunua nyama, akaniuliza yule mzee wa ofisini anapenda nini nimpelekee. Nikasema nitamuuliza. Mke wa Mwalimu alikuwa anasimama kila siku mbele ya kituo cha polisi cha Wandegeya, na kila siku wanamwambia hawana mtu kama huyo.

Foleni ikasimama. Dada hakuruhusiwa kusoma alichoandika yeye mwenyewe, na yote yaliyobaki rafuni yalikuwa yake. Kadi nyekundu zikajaa rafu nzima. Zikiwa zote nyekundu, nyekundu haisemi kitu tena, basi nikarudi kuzipanga kwa jinsi zilivyofika.

Kapteni akarudi, fungu lake limesahihishwa kidogo tu, mahali pasipohusika.

“Yangu iko ya ngapi?”

“Ya kwanza, afande. Lililorudishwa halipotezi nafasi.”

“Sasa kwa nini halisomwi?”

Dada alikuwa ameacha kuandika. Nilisikia kalamu yake ikilala mezani.

“Linamsubiri aliyelirudisha, afande. Ndiye anayelisoma tena.”

Akatazama kiti cha Mwalimu, na sweta begani mwa kiti. Kisha akaniuliza jina langu, nikamwambia, na akaniuliza tunakaa wapi.