Kaburi Kwenye Mstari wa Barabara

Dada yangu alizaa wanne akazika mmoja, na yule aliyemzika ndiye aliyekuwa kitinda mimba wake. Alimzika nyuma ya nyumba, mkabala na mlango wa jikoni, akapanga mawe kuzunguka kaburi. Tangu hapo kila asubuhi alifungua mlango ule kwanza kabla ya kuwasha moto. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia anaruhusu hewa iingie. Hewa gani, nilikuwa namtania, baridi yote hii.

Shemeji alipofariki, wanawe wakaona ekari nzima ni nyingi kwa mjane mmoja. Mkubwa, muuza vipuri vya magari, ndiye aliyekuwa na mdomo. Alisema tukate viwanja, tuuze, kila mtu ajitegemee. Dada alikubali kwa sharti moja: kaburi lisiguswe.

Mpima ardhi alikuja akatandaza ramani mezani. Alitaka barabara ya mita sita ipite katikati, kutoka barabara kuu hadi nyuma, na mwishoni pawe na mahali pa gari kugeuzia. Viwanja vinne kila upande, jumla vinane. Vya mbele viwili bei juu, maana vinafaa fremu za duka. Vya katikati bei moja. Vya mwisho nafuu, kwa sababu nafasi ya kugeuzia imevimega pembe na maji ya mvua hutuama huko.

Kisha akaweka kidole juu ya kaburi. Lilikuwa ndani ya mstari wa barabara. Alieleza kwa upole kwamba njia inaweza kupinda kulikwepa, ila ikipinda, viwanja viwili vya upande wa kushoto vitapungua chini ya kipimo ambacho halmashauri inakubali. Itabidi viunganishwe. Vinane vitakuwa saba.

"Basi ipinde," dada alisema.

Mkubwa akanyamaza, nami nikadhani ameridhika. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wiki ile dada alilazwa kutolewa mtoto wa jicho, nami nikashinda naye hospitali. Nyumbani, mpwa wangu yule mkubwa aliubomoa ukuta wa jikoni, maana ulikuwa unaziba njia. Mawe ya kaburi akayahamishia kona ya mwisho, kule kwenye maji, akarundika na udongo juu. Mpima alipokuja kuweka mawe ya mipaka, mpwa wangu akamwonyesha kona ile, akasema siku ile mama alikosea kuonyesha, macho yake hayaoni vizuri. Mpima aliandika alichoonyeshwa na mwenye mji. Barabara ikanyooka, viwanja vikatoka vinane. Kile cha kona kikawa cha mama, na mpwa wangu akatangaza kwa wadogo zake kwamba mama amepewa kiwanja chenye kaburi, hakuna atakayemsumbua. Nani angekataa? Hata mimi, niliyekuwa hospitali sijaona kitu, nilimsifu.

Dada aliporudi na macho mapya, baada ya miezi miwili akiuguza macho kwangu, mkubwa alikuwa ameshauza sita. Alimshika mkono akampeleka konani. Dada alichuchumaa, akabonyeza udongo kwa kiganja, akapenyeza vidole mpaka chini. Kaburi la miaka mingi huwa limetitia katikati. Lile lilikuwa limetuna, na chini yake ardhi ilikuwa ngumu, haijawahi kuchimbwa. Akainuka, akarudi polepole mpaka pale ulipokuwa mlango wa jikoni, akasimama akitazama mbele. Mbele yake palikuwa na barabara, kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa vizuri.

"Mwanangu," alisema, "mdogo wako yuko wapi?"

Mkubwa alianza habari za macho na dawa za hospitali. Kisha akachoka kudanganya, na uso wake nikauona umekuwa wa kitoto.

"Mama, njia ingepinda kiwanja kimoja kingekufa."

"Kwa hiyo ukaona bora afe yeye mara ya pili."

Nilimchukia mpwa wangu siku ile, na sijaacha. Nilikwenda kwa mpima. Akasikitika kweli, lakini ramani ilikuwa imeshaidhinishwa, wanunuzi wana hati zao, na barabara si ya familia tena, ni ya wote. Kuipinda sasa ni kumega viwanja vya watu ambao hawana kosa. Kulifukua kaburi kunahitaji kibali, na mwenye kuomba kibali ni mzazi. Dada hakutaka. Alisema mtoto amelala, asiamshwe kwa sababu ya ujinga wa kaka yake.

Wanunuzi wakaanza kujenga. Malori ya mchanga yanapita tangu asubuhi. Nyumba ya zamani imebomolewa; dada anakaa chumba alichojengewa konani, lakini hakai ndani. Lori likiingia, anakwenda kusimama katikati ya barabara, pale pale, mikono kaiweka tumboni. Dereva anapiga honi, anashusha kioo, anamuuliza mama una wazimu. Dada anasubiri mpaka lori lipande ukingo limzunguke, matairi yakikanyaga kiwanja cha mtu wa kushoto.

Wengi wanapinda. Jana mmoja alishuka, akambeba kama mzigo, akamweka pembeni, akapita.