Wifi na Vikaratasi vya Walimu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na tangu niolewe na kaka yake sijavaa gauni lililoshonwa na mtu mwingine. Si mapenzi, ni woga. Watu humwita Mama Sindano. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake. Sisi wa nyumbani tunajua ni ulimi.

Chumba chetu cha kazi kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na kona yenye pazia ambako watu hujaribu nguo. Yeye anapima na kukata. Mimi napiga pindo, natia vifungo, napiga pasi. Na akipima, hanyamazi. "Haya mama, vuta pumzi, futi yangu imefika mwisho nawe bado hujafika!" Au, "Simama vizuri, njiti wewe, upepo ukija nitakupata wapi?" Wateja walicheka. Mtu aliyezungushiwa futi kifuani, mikono juu, atafanya nini tena kama si kucheka?

Majina ya watu hakuandika. Alisema kichwa chake hakishiki majina, kinashika maumbo. Basi juu ya kila kikaratasi cha vipimo palikuwa na neno: Tipwatipwa. Ng'onda. Kibushuti. Mkaa. Kipilipili. Mimi nilivisoma nikacheka mpaka uzi ukanitoka kwenye tundu la sindano. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nilikuwa malaika.

Walimu kumi na wanne wa shule ya jirani walileta kitambaa cha bluu, wote wakitaka gauni la mtindo mmoja kwa ajili ya mahafali. Magauni kumi na manne ya rangi moja huchanganya hata fundi, kwa hiyo nilibandika kila kikaratasi kwa pini ndani ya kola. Nilikusudia kuvitoa baada ya kupiga pasi. Lakini dereva wa shule alikuja mapema, akapiga honi kama anayewahi msiba, nami nikafunga furushi upesi na kumpa. Jioni nilikumbuka vile vikaratasi. Sikumwambia wifi. Nilijilaza nikijipa moyo kwamba walimu huwa hawasomi kitu wakiwa likizoni. Na likizo ilikuwa bado.

Kesho yake akaja mwalimu wa hesabu, mwanamke kijana, mpole. Akaweka kikaratasi juu ya meza, akakilainisha kwa kidole. Mkaa.

"Magauni yote ni ya bluu, fundi," alisema. "Ikabidi tugawane kwa kutumia hivi. Lile la Tipwatipwa, unajua lilidaiwa na wangapi?"

Wifi akaanza kukunja futi yake. Nami nikaona kifungo cha kutafuta chini ya meza.

"Watatu walinyoosha mkono. Wa tatu ni mwembamba kuliko huyu dada." Alinionyesha mimi. "La Kipilipili tuliligombea nusu ya chumba. Hakuna aliyeuliza vipimo. Kila mmoja alijua tusi lake."

"Aah, mwalimu, ule ni utani tu wa fundi," wifi akasema.

"Utani ni wa watu wawili, dada. Sisi hatukuwepo."

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alitueleza kwamba shangazi zake walimwita Mkaa tangu akiwa mdogo, kwa mapenzi kabisa, huku wakimpa chakula. Alipofika miaka kumi na tisa akaanza kujipaka mkorogo. Akaupaka miaka miwili. Uso ukawa wa mtu mwingine, vifundo vya vidole vikabaki vya mwenyewe, na jua likawa linamchoma kama maji ya moto. Ndipo akaacha.

"Sasa nipime tena," alisema. "Na kila unachoandika, kiseme kwa sauti."

Sijawahi kumwona wifi akitokwa na jasho kwa kupima kiuno. "Kifua... tisini na mbili. Kiuno, sabini na sita."

"Na hapo juu ya karatasi, mwenyewe ni nani?" mwalimu akauliza.

Wifi akamtazama, akatafuta neno zuri. "Ni... maji ya kunde."

Mwalimu akacheka, kwa mara ya kwanza. "Mimi? Maji ya kunde? Fundi, usinisingizie. Mimi ni mweusi. Neno mweusi halijanikosea kitu. Lililonikosea ni mkaa, maana mkaa ni kitu cha kuchoma na kutupa majivu. Lakini kwenye karatasi ya vipimo, rangi yangu inapunguza nini, inaongeza nini? Mimi nina jina. Uliza."

Wifi akauliza. Akaliandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumatatu tulikwenda shule wakati wa mapumziko, mimi nimebeba aibu yangu na pini za akiba. Wifi alisimama mbele ya walimu akasema, "Nimewakosea. Nilikuwa nachekesha, kumbe nachoma." Wawili waliinuka wakatoka, hawajarudi kushona kwetu mpaka leo, na sidhani kama watarudi. Mwalimu wa michezo, mama mwenye mwili mkubwa na sauti ya filimbi, akabaki. "Mimi ni mnene, najua, nyumbani tuna kioo," alisema. "Nikikuuliza kama gauni litanitosha, niambie ukweli. Nisipokuuliza, mwili wangu si habari ya asubuhi. Na usije ukaniambia nina afya njema huku unanitazama kiuno. Hiyo naijua." Kisha akaomba nafasi zaidi shingoni, maana kola ilimkaba.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa shule. Wifi aligundua kitu kimoja kikubwa: kosa linaweza kuwa la nguo. Zamani gauni likibana alisema, "Umenenepa wewe!" Sasa husema, "Gauni linabana hapa, nililegeze?" Likipwaya, hasemi, "Mbona umekonda, unaumwa?" Husema, "Tulipunguze ubavuni?" Basi. Pini mbili, na mtu anaondoka na heshima yake. Aliyesuka anaambiwa amependeza; aliyeacha nywele zake za asili anaambiwa hivyo hivyo, na nywele za mtu haziitwi tena katani.

Mwanzoni alizidisha. Jirani yetu alileta sketi ya zamani iliyogoma kufunga zipu, wifi akamwambia kwa upole wa muuguzi, "Pole, sketi imesinyaa."

"Imesinyaa kabatini?" jirani akauliza. "Fundi, nimekula. Ongeza kitambaa tuendelee na maisha."

Na mimi sikuachwa. Siku moja nilisema kuhusu jamaa fulani, "Yule zeruzeru anayeuza vitabu," wifi akaweka mkasi chini. "Wifi, ni mtu mwenye ualbino. Tena kama unataka vitabu, ni muuza vitabu tu." Fikiria, ananifundisha adabu yeye! Nilimeza, maana alisema kweli.

Juzi alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka kumi hivi, kupimwa gauni la harusi ya mjomba. Binti alijikunyata, mabega yameingia ndani.

"Huyu wangu ni mweusi," mama akasema, "lakini mzuri."

Wifi alikuwa amepiga magoti, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mama, hiyo lakini ni ya nini?"

Mama akamtazama binti yake. "Basi... ni mweusi, mzuri."

"Ehee." Wifi akamgeukia binti. "Mabega juu, mama mdogo, nisije nikakukosea vipimo. Jina lako nani?"

Binti akataja jina lake kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pasi yangu.