Barua ya Shangazi Kuhusu Akiba ya Mazishi

Barua ya shangazi ilifika Kitale baba akiwa hai. Naanza na hilo kwa sababu baadaye kuna waliosema iliandikwa kwa sababu ya kifo chake, na si kweli.

Shangazi, dada yake baba, ni karani wa hesabu huko Bungoma mjini. Chama chetu cha mazishi ni cha watu wa Kabuchai waliohamia Kitale kulima mahindi. Walimfanya afisa wa fedha kwa sababu hesabu ilikuwa imewashinda wengine. Kazi ya chama ni moja. Mwanachama akifa, chama kinalipa mochari, jeneza na gari, arudishwe Kabuchai, alale nyumbani kwao usiku mmoja, kisha azikwe.

Kila mkutano mwenyekiti alikuwa akisimama na kusoma salio la benki. Kisha aliongeza thamani ya hema, viti na sufuria kubwa, akaongeza na mikopo ya karo ambayo wanachama walikuwa hawajarudisha. Jumla yake aliiita akiba. Watu walipiga makofi. Baba pia alipiga, kwa nguvu kuliko wengine.

Baba alikuwa mwanakamati, kwa hiyo alipata nakala ya barua. Macho yake hayakuwa mazuri, akaniambia nimsomee. Mimi niliishia darasa la nane na nasoma polepole, lakini shangazi alikuwa ameandika kwa maneno ya kawaida.

"Kwa kamati," aliandika. "Salio la benki si akiba. Toeni kwanza madai ya familia mbili ambazo hazijalipwa. Toeni michango iliyolipwa mapema, kwa maana ni ya miezi ambayo haijafika. Mikopo msiihesabu kama pesa mkononi, maana mwingine hatarudisha. Hema ni mali ya chama, lakini hatuwezi kununua jeneza kwa hema. Kinachobaki ndicho akiba, nacho hakitoshi kumzika mtu mmoja kwa kiwango tunachoahidi."

Ukurasa wa pili uliuliza kama chama kitaweza kutimiza ahadi zake zote. Wazee walikuwa wengi na vijana hawakujiunga. Kwa mchango ule na malipo yale, ahadi zilikuwa zimezidi mali. Ama mchango upande, ama malipo yashuke, na mkutano mkuu ndio wa kuamua. Mwisho aliandika: "Kuchelewesha malipo kunatupa nafasi ya kupumua, lakini hakutuponyi. Deni ambalo halijalipwa leo bado ni deni."

Baba alicheka. "Huyu dada yangu anataka kutunyima makofi."

Nilimuuliza kama ni kweli.

"Ni kama ghala," alisema. "Kuna gunia la jirani amekuwekea. Kuna la mbegu. Kuna lile umeshauza, lori tu halijafika. Ukihesabu yote, unajiona tajiri."

Kamati ilisema barua itajadiliwa mkutano ujao. Kabla ya mkutano huo baba alianguka shambani wakati wa kupalilia. Tulimpeleka hospitali, na jioni tukarudi na koti lake. Nililitundika mahali pake. Sikulia. Nilikwenda kuwapa ng'ombe maji kwa sababu walikuwa na kiu.

Kamati ilikuja kukaa nyumbani kwetu, chini ya hema lile lile la kwenye barua. Mochari hawangetoa mwili bila kulipwa, na kila siku bili ilipanda. Ndugu wa Kabuchai walikuwa wameshapanga mazishi Jumamosi. Shangazi alifika kutoka Bungoma na mkoba wake wa karatasi. Alimkumbatia mama, akakaa na kamati, si nasi.

"Huyu ni mwanzilishi wa chama," mwenyekiti alisema. "Analipwa yote, na analipwa leo. Si pesa iko benki?"

"Iko, mzee," shangazi alisema. "Lakini kuna familia mbili mbele yake. Ile ya yule mama aliyeolewa kutoka Cheptais imengoja tangu masika."

"Hao si walishazika? Walikopa, wakazika. Huyu bado yuko kwa friji, bana!"

"Walikopa, ndiyo sababu wanatudai."

"Ati wewe ni dada yake kweli?" mwanakamati mmoja aliuliza. "Ama barua ndiyo ndugu yako?"

Wawili walicheka, kisha wakakumbuka mahali walipo. Shangazi alipanga karatasi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Tukiwalipa hao wawili," alisema, "kinachobaki kinafika nusu ya malipo yake. Tukimlipa yote, tunakula ya mama wa Cheptais, ama michango ya mwaka kesho. Kamati haiwezi kupunguza haki yake. Anaweza kupewa nusu sasa, na nusu ibaki ikidaiwa, kama mrithi wake atakubali."

Mrithi ni mimi. Baba aliandika jina langu kwenye fomu nilipopata kitambulisho.

"Hapana," mwenyekiti alisema. "Mfiwa haulizwi mambo ya pesa. Ni aibu."

Hiyo ni desturi ya chama chetu. Aliyefiwa anakaa kimya na wengine wanamsemea. Kwa kawaida inanifaa, maana sipendi kusema mbele ya watu. Siku hiyo hakuna aliyenisemea. Nilimwangalia mama. Alikuwa akiangalia miguu yake.

Niliinuka, nikachukua fomu ya malipo iliyokuwa mbele ya shangazi. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo. Niliandika kwamba nakubali nusu sasa, na waliotangulia walipwe kwanza. Naandika polepole, herufi moja moja, na watu wote walingoja. Nilisikia kalamu. Kisha nikatia sahihi.

Mwenyekiti alisoma, akavua kofia. "Baba yako angepigania haki yake."

Nilikuwa nafikiria gunia la jirani.

Ile nusu ililipa mochari na gari la mwili. Jeneza lilichongwa na fundi wa Kabuchai, la mbao bila kitambaa ndani, na tulimlipa kwa mahindi. Basi halikukodiwa. Watu walitufuata kwa lori. Ijumaa baba alilala nyumbani, Jumamosi tukamzika kando ya miwa ya ndugu yake. Shangazi alisimama nyuma kabisa. Kaburi halikutiwa saruji.

Mkutano mkuu ulipokuja, barua ilisomwa yote. Mchango ulipanda na malipo yakashuka kidogo. Tangu hapo shangazi alileta ripoti ya ukurasa mmoja. Juu salio, chini yake vya kutolewa, na kati ya vya kutolewa mstari ulioandikwa "madai ambayo hayajalipwa." Ulikuwa mmoja tu, wa kwetu. Kila mwezi niliutafuta kwanza. Kila mwezi ulikuwepo, na baba alikuwa bado anadai.

Halafu shangazi alikuja na hundi ya ile nusu iliyobaki. Nilitia sahihi, naye akanionyesha ripoti mpya. Mstari haukuwepo.

"Nimemtoa," alisema. Kisha akafunga mkoba.

Nilinunua saruji, tukaenda Kabuchai kulijengea kaburi.

Mkutano uliofuata mwenyekiti alisoma akiba, ile ya kweli, baada ya kutoa vyote. Ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kumzika mtu mmoja. Hakuna aliyepiga makofi. Nilitaka kupiga, kwa ajili ya baba, lakini mikono yangu ilibaki magotini.