Kusafirisha Hewa hadi Bungoma

Mume wangu Kweyu ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bodi wanaolala shuleni, na kibanda chake kiko Shauri Moyo, Nairobi. Mikono yake haina mfano. Hesabu yake ndiyo imenizeesha.

Desemba ya tisini na sita aliingia nyumbani Kaloleni akiwa na uso wa arusi. Binamu yake Wekulo, anayemuuzia masanduku soko la Bungoma, alikuwa amekuja Gikomba kununua mitumba na kumletea pesa za masanduku arobaini.

"Mama Mitchelle, tumepata elfu sita," akasema. "Sanduku linanigharimu mia nne hamsini, limeuzwa mia sita. Nimemtumia mama elfu mbili na mia tano."

Nilikuwa nachambua dagaa wa omena wa kuuza kesho. Nikaacha. Nauli ya masanduku nilikuwa nimeitoa mimi, elfu mbili na mia sita, mtaji wangu wote wa omena. Na karatasi ya hesabu ya Wekulo ilikuwa hapo mezani, haijasomwa.

"Basi lilichukua ngapi kwa kila sanduku?"

"Sitini. Na mkokoteni tano."

"Ushuru wa kanjo sokoni?"

"Kumi."

"Na Wekulo?"

"Fungu lake la kumi. Sitini." Sauti ilikuwa imeanza kushuka.

Faida ya kweli ilikuwa shilingi kumi na tano kwa sanduku. Mia sita kwa arobaini yote, naye alishamtumia mama mkwe elfu mbili na mia tano. Nampenda mama mkwe, lakini siku hiyo ningeweza kwenda Bungoma kwa miguu kumnyang'anya sukari. Nikirudishiwa changu, Kweyu angebaki na elfu kumi na sita na mia moja. Arobaini mengine yalihitaji elfu kumi na nane za vifaa peke yake, na Jimale wa duka la bati hauzi kwa mdomo, anataka pesa mkononi. Shule zingefunguliwa Januari. Msimu ukipita, kibanda kingefungwa.

"Basi tupandishe bei," akasema. "Gharama kabla ya Wekulo ni mia tano ishirini na tano. Nataka faida mia na ishirini. Inakuwa mia sita arobaini na tano. Naongeza fungu la kumi, mia saba na kumi."

"Wekulo anakata kumi ya bei, Baba Mitchelle, si kumi ya gharama yako. Kwa mia saba na kumi atachukua sabini na moja. Mia na ishirini yako haifiki. Gawanya kwa tisa, uzidishe kwa kumi. Ni kama mia saba na ishirini."

Akakuna kichwa. "Na wenzangu pale wanauza mia sita hamsini."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kabisa, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Asubuhi nikaenda naye kibandani, nikafungua sanduku moja, nikamwonyesha ndani.

"Unaona nini?"

"Hakuna kitu."

"Hicho ndicho unachokilipia sitini. Unasafirisha hewa ya Nairobi hadi Bungoma. Sufuria dukani hupangwaje?"

Alinuna hadi saa nne. Halafu akachukua chaki na kuanza kupima: kubwa, la kati, dogo, moja ndani ya jingine. Seti moja ilihitaji vifaa vya elfu moja, mia moja na arobaini. Makondakta wakakubali kuihesabu mzigo mmoja, sitini ile ile. Tukapanga bei za mia sita hamsini, mia tano hamsini na mia nne hamsini. Kila seti ingebakiza mia mbili hamsini baada ya nauli, mkokoteni, Wekulo na kanjo. Pesa zikatosha seti kumi na tatu, na mimi nikarudishiwa za omena.

Mwishoni mwa Januari Wekulo alileta pesa. Masanduku yote yalikuwa yameisha. Kweyu akahesabu mara mbili, safari hii akiwa na karatasi.

"Elfu tatu mia mbili hamsini. Hii sasa ni faida."

"Ulifanya kazi siku ngapi?"

"Ishirini."

"Kibarua Industrial Area analipwa mia na ishirini kwa siku. Toa elfu mbili na mia nne, ndio mshahara wako. Faida ni mia nane hamsini."

Nilitegemea abishe. Aliitazama karatasi, kisha akauliza polepole, "Na ile safari ya kwanza, nilijilipa ngapi?"

Bila kutaka, nikaigawanya ile mia sita kwa siku zake za safari hiyo, ishirini vilevile.

"Thelathini kwa siku," nikasema.

Akaviangalia viganja vyake vilivyokatwakatwa na bati, akaviweka chini ya meza.