Mstari Uliofutwa kwenye Tangazo la Vyumba vya Mchana

Kache Ziro wa Gede alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli ndogo karibu na uwanja wa ndege wa Malindi. Abiria wengi waliteremka hapo na basi la asubuhi kutoka Lamu, ilhali ndege yao ya Nairobi ilikuwa ya alasiri. Kache ndiye aliyemshauri mwenye hoteli, Habib, awakodishe vyumba kwa mchana tu, waoge, walale kidogo, kisha gari la hoteli liwafikishe uwanjani.

Tangazo alilitunga mwenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno yaleyale pande zote mbili: saa za chumba, bei, na kwamba gari limo ndani ya bei hiyo.

Habib alilisoma, akafuta mstari wa gari upande wa Kiswahili.

"Wenyeji wanajua njia," akasema. "Gari likijaa wao, wageni nitawapakia wapi?"

"Lakini bei ni moja, bwana."

"Libandike."

Kache akalibandika.

Siku moja akaja Bi Raiya, mama wa makamo kutoka Lamu. Binti yake alikuwa amelazwa Nairobi, apasuliwe kesho yake alfajiri. Alisoma tangazo upande wa Kiswahili, akalipia chumba, akaswali, akajinyoosha. Kache alinuia kumwambia habari ya gari, lakini Habib akamtuma benki.

Wakati wa kuondoka, Kombe, dereva, aliwapakia Wazungu wawili. Bi Raiya alikuwa amesimama barazani na mkoba wake. Kombe hakumwita, maana hakuambiwa. Naye hakuomba, aliona ni gari la watu. Akatoka kutafuta tuktuk. Aliyoipata ikapasuka gurudumu njiani, na alipofika uwanjani kaunta ya kupokea abiria ilikuwa imefungwa.

Alirudi hotelini akiburura mkoba.

"Shikamoo, mama," Kache akasema, ametahayari. "Sikuwahi kukuambia habari ya gari letu. Umeshalilipia."

"Marahaba. Nimelilipia wapi? Mimi nimesoma mlivyoandika."

Ndege nyingine ilikuwa ya kesho yake. Bi Raiya alipotua Nairobi, binti alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Hakutoka hai.

Habari zilipomfikia Kache, alichukua kalamu akaurudisha ule mstari kwa mkono wake. Habib akalibandua tangazo na kumwambia akusanye vitu vyake. Jipya lililobandikwa lilikuwa la Kiingereza kitupu.

Siku hizi Kache anauza maharagwe na mahamri Gede, kando ya barabara. Aliwahi kumpigia simu Bi Raiya kumpa pole na kumweleza jinsi ilivyokuwa. Bi Raiya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe huna kosa, mwanangu," akasema. "Lakini usinipigie tena. Nikisikia sauti yako, naliona lile gari likiondoka."