Noti Nilizookota Usingizini

Mshahara ulikuwa haujaingia, na binti yangu Achieng alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Jumapili hiyo, katika kanisa letu Migori, nilisinzia wakati wa mahubiri. Nikaota naokota noti sokoni, na kila noti ikinihakikishia kwamba mimi ni baba kamili. Naam, mimi niliyewafundisha wanafunzi wangu wa saikolojia kwamba ndoto kama hiyo humjia anayejiona hafai. Mlio wa sarafu ulipenya ndotoni, nikazidi kuokota. Nilipozinduka, mkono wangu ulikuwa ndani ya kikapu cha sadaka, umefumbata noti.

“Mwalimu,” mzee wa kanisa aliyekishika alininong'oneza, “hapa huwa tunaweka. Hatuchukui.”

Achieng, kando yangu, alisogea mbali kidogo, polepole, ili nisitambue.